Dampingi fakta 400, halafu waya mwembamba

Haya, huko nyuma mnanisikia eeh? Poa. Leo ni ile namba wanayoringia watu, dampingi fakta, inayosema amplifaya inaweza kuibana koni ya spika isiendelee kucheza yenyewe kiasi gani. Hesabu yake ndogo tu, impidansi ya spika gawanya kwa impidansi ya amplifaya kule inakotolea sauti, kwa hiyo spika ya omu 8 na amplifaya ya omu 0.02 unapata 400.

Ila kwanza oneni hii. Spika hii ya besi haijaunganishwa popote, naigonga koni kwa kidole... mmesikia, "buum", inabaki inacheza kidogo. Sasa nafunga terminali zake mbili kwa kipande cha waya, nagonga tena, "tup", imekata. Koili ikitembea kwenye sumaku inazalisha umeme wake, na huo umeme ukipata njia ya kuzunguka basi mkondo unaipinga koili hiyohiyo iliyouzalisha, koni inatulia. Amplifaya ikiwa imeunganishwa ndo inakuwa hicho kipande cha waya.

Sasa hapa ndo watu wanapigwa. Huo mkondo haupiti kwenye amplifaya peke yake, unapita pia kwenye koili yenyewe, na koili ya spika ya omu 8 ukiipima kwa mita inakuja kama omu 6 hivi. Kwa amplifaya ya 400 mzunguko mzima una omu 6.02, ya 40 una omu 6.2, tofauti haifiki hata asilimia 4, mimi sijaona mtu wa kuisikia hiyo. Halafu huyo wa 400 anavuta waya wa milimita 0.75 za mraba, mita 10, kwenda na kurudi ni 20, hapo kaongeza karibu omu 0.46, namba yake imeshuka mpaka 17 hivi na yeye bado anaringa.

Kwenye amplifaya za valvu, hasa zile zisizo na fidibeki, mambo yanabadilika kweli maana unaweza kukuta omu 3 kule kwenye kutolea. Mzunguko unakuwa omu 9 badala ya 6, breki ya umeme inapungua kwa theluthi. Na kuna lingine, spika ikifika kwenye rizonansi, pale koni inapopenda kucheza yenyewe, impidansi yake inapanda, tuseme omu 30, wakati sehemu nyingine iko 6.5, kwa hiyo volti zinagawanyika vibaya na besi pale inanyanyuka karibu desibeli 2.5. Hiyo unaisikia, noti moja ya besi inavimba na kuchelewa kuisha, zingine ziko sawa tu.

Kupima hizo omu za kutolea ni rahisi, cheza toni ya hezi 100, volti ndogo tu, pima bila mzigo, tuseme 4.00, weka rizista ya omu 8 pima tena, ikisoma 3.90 basi 0.10 gawanya kwa 3.90 mara 8, unapata kama omu 0.2. Pimia mwisho wa waya, kule spika inakokaa, sio kwenye terminali za amplifaya.