Nota Zile Zile, Pigo Tofauti: Mhadhara wa Kusoma Vipimo Vinne

Habari za jioni, ndugu zangu. Leo sikuleta wimbo mzima. Nimeleta kipande kifupi tu, vipimo vinne nilivyovitunga mwenyewe, na vinatutosha kwa jioni hii. Angalieni ubaoni. Ninaposema kipimo, nina maana ya nafasi iliyo kati ya mistari miwili ya wima.

Mwanzoni kabisa mnaona mistari mitano yenye ufunguo wa G. Kinafuata kishapu kimoja kwenye mstari wa juu kabisa, halafu tarakimu 6 juu ya 8. Kabla ya mstari wa kwanza wa wima kuna nota moja tu, E, iliyokaa kwenye mstari wa chini. Kipimo cha kwanza kina G, A, B, kisha B, A, G. Cha pili kina C ndefu kidogo, B fupi, na A ndefu zaidi. Cha tatu kina G, F, E, halafu F ndefu kidogo na D fupi yenye shapu mbele yake. Cha nne ni E peke yake, inayovutwa mpaka mwisho.

Tuanze na kile kishapu. Kimekaa kwenye mstari wa F ya juu, na hapo ndipo wengi hukosea. Tazameni kipimo cha tatu: kuna F mbili, zote ziko chini, katika nafasi ya kwanza, na hazina alama yoyote mbele yake. Je, ziimbwe kawaida? Hapana. Shapu ya mwanzoni inashika kila F katika mstari mzima, iwe juu au chini, mpaka alama nyingine iitengue. Imewekwa pale juu kwa desturi ya uandishi tu.

Sasa do iko wapi? Shapu ya mwisho kuandikwa ndiyo ti, kwa hiyo do iko nusu toni juu yake. F shapu ikiwa ti, do ni G. Basi mtu anajibu haraka: "Wimbo uko G meja." Subiri kwanza. Alama hii moja inatumiwa na tonaliti mbili, G meja na E maina, na yenyewe haikuambii ni ipi. Lazima uulize nota zenyewe. Hapa wimbo unaanzia E na kuishia E, na E ndiyo la. Huo tayari ni ushahidi. Ushahidi mzito zaidi ni ile D yenye shapu katika kipimo cha tatu. E maina inahitaji nota ya kuisukuma nyumbani kutoka nusu toni chini, na D ya kawaida iko mbali nayo toni nzima. Ndiyo maana mtunzi huipandisha. Waliozoea solfa watasema so imepandishwa kidogo kabla ya kutua kwenye la. Ukiona so iliyopandishwa ikienda kwenye la pale sentensi inapofungwa, shuku maina mara moja.

Na kwa nini ile shapu ya D haikuwekwa mwanzoni pamoja na ya F? Kwa sababu ni ya kupita. Alama iliyoandikwa mbele ya nota inaisha nguvu kwenye mstari wa wima unaofuata. Kama kipimo cha tano kingekuwapo na kikawa na D, ingerudi kuwa D ya kawaida.

Haya, sasa tuje kwenye 6 juu ya 8, na hapa ndipo ninapotaka tukae. Nane ya chini inasema tunahesabu kwa thumuni, yaani nota nzima imegawanywa sehemu nane. Sita ya juu inasema kila kipimo kinabeba thumuni sita. Robo ni thumuni mbili, na robo yenye nukta ni tatu. Hesabu hiyo ni nyepesi. Lakini mwenye kuishia hapo atapiga mguu mara sita kwa kila kipimo, na wimbo utatembea kama mtu aliyevaa viatu vya kubana. Mwendo ukiwa wa polepole sana, kuhesabu sita kunafaa. Mwendo wa kawaida, mguu unapiga mara mbili tu, na kila pigo limebeba thumuni tatu.

Nimejuaje? Angalieni boriti, ule mstari mnene unaoshika ncha za vijiti vya nota kwa pamoja. Katika kipimo cha kwanza, G A B zimefungwa boriti moja, na B A G nyingine. Tatu na tatu. Mkazo unaangukia G ya kwanza na B ya pili. Sasa nafuta tarakimu, naandika 3 juu ya 4. Thumuni ni sita vilevile, sauti ni zile zile, ila boriti zinabadilika: G A, B B, A G. Mapigo ni matatu, na mkazo umehamia G, B ya kwanza, na A. Pigeni makofi mara ya kwanza kwa mbili, mara ya pili kwa tatu. Mmesikia? Ni nyimbo mbili.

Kipimo cha pili kinaonyesha jambo hilo vizuri zaidi. Katika sita-nane tumeandika robo C, thumuni B, kisha robo yenye nukta A. A inaanza pale pale pigo la pili linapoanza, kwa hiyo jicho linaliona pigo. Katika tatu-nne, ile A ingeanza katikati ya pigo la pili. Ukiandika robo yenye nukta, pigo la tatu linamezwa na msomaji anapotea. Kwa hiyo unaandika robo C, unafunga B na A kwa boriti moja, halafu unaongeza robo A iliyounganishwa na A iliyotangulia kwa upinde. Sauti inatoka ile ile, lakini sasa kila pigo lina mlango wake.

Niliwahi kupewa nakala ya sita-nane ambayo mnakili alifunga thumuni mbilimbili kote. Hesabu ilikuwa sahihi kila kipimo, na bado wapigaji wote wakayumba kuanzia mstari wa pili. Macho yalisema tatu, tarakimu zikasema mbili.

Nasikia swali huku nyuma: je, boriti zinaaminika siku zote? Katika nota za vyombo, karibu siku zote. Katika nota za kuimba za zamani, sivyo, kwa sababu kila silabi ilipewa nota yenye mkia wake, na boriti ilitumika pale silabi moja ilipobeba nota kadhaa. Hapo chukua penseli uweke alama za mapigo mwenyewe.

Kimebaki kile kipimo cha nne. Kina robo yenye nukta na robo, zimeunganishwa kwa upinde: thumuni tano. Iko wapi ya sita? Ni ile E ya mwanzoni iliyotangulia mstari wa wima. Mwisho umeikopesha mwanzo. Kwa hiyo E hiyo ni hesabu ya sita, wala si ya kwanza, na haibebi mkazo. Nitahesabu nne, tano, nanyi mnaingia kwenye sita kwa sauti ndogo, mguu unatua kwenye G. Tayari? Nne, tano...