Kipandauso na Chakula: Pima Kimoja, Usifute Vyote

Karibuni. Leo mezani nina daftari na kalamu tu. Kama jana umefuta chokoleti, jibini, kahawa na machungwa kwenye mlo wako kwa mkupuo, ukishuku vinakuletea kipandauso, tafadhali virudishe kwanza. Kichwa kikitulia hutajua kipi kilikuwa mkosaji. Tena anayefuta vyote huishia kuruka milo, na njaa yenyewe inajulikana sana kwa kuamsha kipandauso.

Tuanze. Mwezi wa kwanza kula kama kawaida yako, ila andika. Nasogeza daftari karibu na kamera: ulichokula na saa, ulivyolala, siku za hedhi kwa wanaopata, saa maumivu yalipoanza, dawa uliyomeza. Halafu kuna safu hii ya pembeni ambayo wengi huiacha, nami niliiacha kwa muda mrefu: ulivyojisikia kabla ya maumivu.

Tazama ukurasa huu wangu wa Jumanne moja. Saa 8 mchana nimeandika "miayo haikatiki, shingo nzito". Saa 10 nikala chokoleti, maana niliitamani kupita kiasi. Saa 3 usiku kichwa kikaanza kugonga upande wa kushoto, nikawa nasikia kichefuchefu na sitaki taa. Bila ile safu ya pembeni ningeapa ni chokoleti. Lakini miayo ilitangulia! Shambulio la kipandauso huweza kuanza kimyakimya kwenye ubongo saa nyingi kabla ya maumivu, hata siku moja au mbili, na katika kipindi hicho mtu hupiga miayo, hukaza shingo, hununa, au hutamani vitamu. Basi huenda tamaa ile ilikuwa sehemu ya shambulio lililokwisha kuanza. Huenda, nasema. Sijaiondolea chokoleti lawama, ndiyo maana naipima.

Kabla ya kupima, hesabu nafasi kati ya shambulio na shambulio. Zangu zilikuja takriban kila baada ya siku 10, kwa hiyo wiki moja bila maumivu haikuwa habari yoyote, ingeweza kupita hivyo hivyo. Nikaondoa chokoleti peke yake kwa siku 30, mengine yote yakabaki vilevile. Kama wewe huumwa mara moja kwa mwezi, utahitaji muda mrefu zaidi.

Kisha irudishe. Hapa ndipo watu wengi hukimbia, na bila hapa hakuna jibu. Kula kiasi kile kile ulichozoea, baada ya mlo, siku uliyolala vizuri, na si karibu na hedhi. Andika saa 24 zinazofuata. Rudia siku nyingine, walau mara 3. Mimi nilirudia mara 4, kichwa kikauma mara 1, na usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimelala kwa muda wa saa 4 tu. Vichochezi hujumlishana: kitu ambacho peke yake hakikufanyi lolote, kikikutana na uchovu na tumbo tupu kinaweza kukuangusha. Nimeendelea kula chokoleti. Nilichokatazwa na daftari ni kuchelewa kulala.

Kahawa haipimwi hivi. Mwili uliozoea kafeini kila siku, ukikatiwa ghafla, kichwa huweza kuanza kuuma ndani ya saa 12 hadi 24, na hali hiyo huweza kudumu siku kadhaa, hata wiki na zaidi. Utadhani kuacha kahawa kumekuharibia, kumbe ni kukatiwa tu. Kama unakunywa vikombe 3, punguza nusu kikombe, kaa hapo siku 4 au 5, ndipo upunguze tena. Na usisahau kuhesabu chai, soda za kola, na zile dawa za maumivu zenye kafeini ndani, soma pakiti. Angalia pia siku za mapumziko: ukiamka saa 4 badala ya saa 12, kikombe chako kimechelewa saa 4 nzima, na mlo pia.

Divai ni rahisi zaidi. Ikiwa kila ukinywa unaumwa saa chache baadaye, iache, usijitese kwa majaribio.

Mtoto, mjamzito, mwenye kisukari, au aliyewahi kusumbuliwa na matatizo ya kujinyima chakula, asiondoe kitu bila mtaalamu. Maumivu makali yanayolipuka ghafla, au yanayokuja na udhaifu wa upande mmoja, kushindwa kuongea, au homa na shingo ngumu, hayo ni ya hospitali mara moja. Na kabla hujaanza kulaumu chakula, hesabu safu ya dawa: zikifika siku 10 au zaidi kwa mwezi, mwoneshe daktari ukurasa huo, kwa sababu dawa za maumivu zikizidi nazo huleta maumivu ya kichwa.

Sasa simamisha video, chora safu zako, na uanze na mlo wa leo.