Mwezi mmoja bila kuona laiki

ATHUMANI: Mwanajuma, mwezi umekwisha. Ukurasa wako wa hina ulikwendaje bila hesabu ya laiki?

MWANAJUMA: Nilianza kwa kukosea, kakangu. Nilifungua picha ya mkono wa biharusi kwenye Instagram, nikagusa nukta tatu, nikachagua "Hide like count to others". Nikadhani nimemaliza. Kumbe ile inawafichia wengine tu. Wao wanasoma "Liked by" fulani "and others", lakini mimi mwenye picha nikigusa "others" naiona idadi yote. Na arifa zinaendelea kuingia mpaka uzizime mbali.

ATHUMANI: Tena ni picha moja moja.

MWANAJUMA: Moja moja, naam. Wiki ya kwanza yote niliendelea kuhesabu kama kawaida. Kilichonibadilisha ni swichi ya pili, ile ya picha za watu wengine. Unaingia kwenye mipangilio, unatafuta "Like and share counts", unaficha.

ATHUMANI: Ikabadilisha nini?

MWANAJUMA: Jicho. Zamani nilikuwa natazama namba kabla ya mkono. Maua makubwa yenye laiki mia tisa nahifadhi, yenye kumi na nne napita. Sasa namba haipo, ikabidi niangalie mistari yenyewe. Nikaona mzabibu mwembamba unaoshuka mpaka kwenye kucha, nikaujaribu kwa biharusi mmoja hapa Kibokoni. Mara ya kwanza mistari iliungana, hina yangu ilikuwa na maji mengi. Nikaichuja tena, nikaikaza, ikakaa.

ATHUMANI: Na wateja je? Maana Instagram walipoanza majaribio mwaka 2019, Kanada ikiwa ya kwanza, wapo waliofurahi na wapo walioudhika, kwa sababu hesabu ndiyo iliyowaonyesha kinachovuma. Ndipo Mei 2021 wakaacha kila mtu achague.

MWANAJUMA: Hao walioudhika nawaelewa. Mteja wangu wa zamani sasa haniambii "nataka ile yenye laiki nyingi", ananiuliza kama ua lile litamkaa mkono mfupi. Hilo limenifurahisha sana. Lakini mgeni asiyenijua alikuwa anaitumia namba kama dhamana, na nimemwondolea. Kwa hiyo sasa naweka picha mbili: hina ikiwa mbichi, na rangi ya siku ya pili ikishakolea. Huko ndiko kazi ya fundi inakoonekana.

ATHUMANI: Ila programu yenyewe bado inahesabu.

MWANAJUMA: Bado. Laiki zinaendelea kusaidia kuamua picha ipi ikufikie, uzione usizione. Ule mzabibu sikuupata kwenye mtiririko, niliutafuta kwa jina la mtindo.

ATHUMANI: Utazirudisha?

MWANAJUMA: Za watu wengine, hapana. Zangu nimezifungua kwenye picha tatu za biharusi tu, kwa ajili ya wageni, na arifa nimeziacha zimezimwa.