Hadidu za Rejea Zianze na Uamuzi

Ndugu washiriki, hadidu nyingi za rejea za kutathmini mafunzo ya wafanyakazi hubeba swali moja: “Je, mafunzo yalifanikiwa?” Mshauri mwelekezi akipewa swali hilo atagawa dodoso, washiriki watasema walifurahia, naye atalipwa. Donald Kirkpatrick, mtaalamu wa tathmini ya mafunzo, alikwishatenganisha ngazi nne tangu 1959: washiriki walivyoyapokea mafunzo, walichojifunza, wanavyofanya kazi baadaye, na matokeo kwa taasisi. Dodoso la kuridhika huishia ngazi ya kwanza.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika chochote, ulizeni: nani ataamua nini akishaisoma ripoti? Tuseme taasisi ina wafanyakazi 120 wanaoshughulikia malalamiko ya wateja. 60 walifunzwa miezi sita iliyopita, na menejimenti inataka kuamua iwapo iwafunze waliobaki. Hapo swali linajiandika: “Je, waliofunzwa wanajibu malalamiko kwa haraka kuliko walivyofanya kabla ya mafunzo, na kuliko wenzao ambao hawajafunzwa? Kama hakuna tofauti, ni kitu gani kinawazuia kutumia walichojifunza?” Mimi ningeishia hapo. Hadidu zenye maswali kumi na tano huzaa ripoti inayogusa kila kitu juujuu.

Sasa fungueni rejista ya malalamiko ninyi wenyewe, kabla ya kutangaza kazi. Je, tarehe ya kupokea na tarehe ya kujibu zimejazwa, pamoja na jina la aliyejibu? Kama safu ya tarehe ya kujibu iko tupu kwa miezi ya kabla ya mafunzo, hakuna mshauri atakayeweza kulinganisha kabla na baada. Andikeni hivyo waziwazi, na mpunguze swali. Vilevile elezeni wale 60 walichaguliwaje. Kama wakuu wao waliwateua kwa sababu ndio waliokuwa hodari, watawazidi wenzao hata kama mafunzo hayakuwasaidia kitu. Mshauri asipolijua hilo mapema, atawapa mafunzo sifa isiyo yao.

Siku za kazi nazo zihesabiwe kutokana na maswali. Mahojiano 24, manne kwa siku, ni siku sita. Ongezeni siku tatu za rejista, tatu za maandalizi, sita za kuchambua na kuandika, mbili za kurekebisha rasimu: jumla 20. Mkitangaza siku kumi kwa kazi hiyo hiyo, mahojiano ndiyo yatakayokatwa kwanza, na sababu za wafanyakazi kutotumia walichojifunza hazitajulikana.

Jambo la mwisho ni orodha ya wahojiwa. Isitoke kwa mkufunzi wala kwa kitengo kilichoandaa mafunzo. Hadidu ziseme kwamba mshauri atachagua mwenyewe kutoka orodha kamili ya wafanyakazi, atawahoji pia wasimamizi wao wa karibu, na ataonyesha namna alivyochagua katika ripoti ya awali. Malipo ya kwanza yatoke ripoti hiyo ikishakubaliwa, kabla hajaanza mahojiano.