Vizimba au Waya: Jinsi ya Kupima Fani Kabla ya Kuisomea

Habari za mchana, wazazi wangu na vijana wangu. Nimeombwa nizungumzie fani zinazokua kwa kasi na fani zilizotulia. Fani zote siziwezi, kwa hiyo nitachukua mbili tunazoziona kila siku hapa Mwanza: ufugaji wa sato kwenye vizimba ziwani, na ufundi umeme wa majumbani. Nitazipima kwa mambo matatu: nani anahitaji watu, malipo yanaelekea wapi, na mlango wa kuingilia una kizingiti gani.

Tuanze na vizimba, maana ndivyo vinavyovutia vijana. Januari 2024 Rais Samia alikuja hapa Mwanza akazindua ugawaji wa vizimba na boti kwa mikopo isiyo na riba. Tangu hapo nimekuwa nikipigiwa simu na wazazi: "Mwalimu, mtoto asomee samaki?" Swali ni zuri. Tatizo ni kwamba wengi wanahesabu vizimba, wakati mtoto wao ataishi kwa ajira.

Hebu twende kwenye shamba moja la kukadiria. Lina vizimba 10. Lina msimamizi mmoja mwenye stashahada, walishaji wanne na walinzi wawili. Jumla watu saba. Mwenye shamba akipata mkopo akafikisha vizimba 20, atafanya nini? Msimamizi atabaki yuleyule, kwa sababu mtu mmoja mwenye boti na mita ya oksijeni anaweza kuzungukia vizimba 20. Walishaji watafika sita au saba, mlinzi ataongezwa mmoja. Vizimba vimeongezeka mara mbili, nafasi ya msomi haijaongezeka hata moja. Nafasi yake huongezeka mashamba mapya yanapoanzishwa, tena yawe makubwa kiasi cha kumudu kumlipa. Kwa hiyo ukisikia sekta imekua, uliza imekua kwa mashamba mapya au kwa yaleyale kupanuka.

Na ipo tofauti nyingine. Kazi ya kuchomelea fremu, kushona nyavu na kufunga nanga ni ya mara moja. Mkopo ukitoka, mafundi wanaitwa. Vizimba vikishaelea, wanaagwa. Kazi inayobaki ni ile ya kila siku: kulisha, kupima maji, kuchambua samaki kwa ukubwa, kutambua ugonjwa. Nendeni alfajiri muone. Oksijeni ikishuka usiku, sato wanapanda juu, midomo wazi, wanahema kwenye uso wa maji. Mlishaji asiyejua hudhani wana njaa, akawamwagia chakula. Anayejua hupima kwanza. Akikuta chini ya miligramu 3 kwa lita, haweki chakula, maana hawatakila, kitazama kioze na kula hiyo oksijeni kidogo iliyobaki. Kosa la namna hiyo linaweza kumaliza kizimba kizima ndani ya siku moja. Mwenye shamba aliyewahi kukutwa na hilo hamwachi mtaalamu wake kirahisi, na hapo ndipo mahitaji ya kweli yalipo.

Sasa malipo. Ili ujue mwajiri anaweza kulipa nini, tazama anatumia nini. Kwenye vizimba, chakula hula asilimia 60 hadi 70 ya gharama yote. Samaki 5,000 wakifika gramu 400 kila mmoja, hizo ni tani 2 za sato, na watakuwa wamekula kama tani 3 za chakula. Kila bei ya mfuko inapopanda, mwenye shamba hawezi kuwanyima samaki, kwa hiyo anakaza upande wa mishahara. Ndiyo maana mshahara wa kwanza anaotajiwa mtoto wako hautoshi kukuambia kitu. Uliza aliyepo kazini mwaka wa tatu analipwaje, tena uliza kama analipwa kila mwezi au anaambiwa asubiri mavuno, maana mzunguko mmoja huchukua miezi sita hadi minane.

Wazee hapa mnakumbuka sangara. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu viliajiri mji huu kwa kasi ambayo hatujaiona tena. Kisha kati ya 1997 na 1999 Ulaya ikazuia samaki wetu zaidi ya mara moja, na mnunuzi alipofunga mlango, mikataba ya watu ikayumba siku hiyohiyo. Baadaye sangara wenyewe wakapungua ziwani. Fani ilikua kasi, lakini ilitegemea mnunuzi mmoja wa mbali. Vizimba vina nafuu hapo, kwa sababu sato huliwa hapahapa nchini. Udhaifu wake ni kwamba mashamba mengi yanategemea mkopo.

Upande wa umeme hakuna kelele. Zungukeni Buswelu, Kisesa au Nyamhongolo muone nyumba zinazopauliwa. Kila nyumba inataka waya wake, soketi zake na mtu wa kuzifunga. Hapa nyumba zikiongezeka mara mbili, kazi inaongezeka karibu mara mbili, na hakuna mwajiri mmoja ambaye akianguka fani nzima inaanguka naye.

Lakini bei ya pointi, yaani kila mahali pa taa, swichi au soketi, ndiyo inayonitia wasiwasi. Tuseme fundi alikuwa anatoza shilingi 5,000 kwa pointi miaka mitano iliyopita, na leo bado 5,000. Mfumuko wa bei wetu umekuwa kama asilimia 3 kwa mwaka. Ili asimame palepale alipokuwa, leo angepaswa kutoza kama 5,800. Nyumba ya pointi 25 anaifanya kwa 125,000, wakati kusimama tu kungehitaji 145,000. Kazi anayo, na bado anarudi nyuma.

Sababu iko mlangoni. Kufunga soketi kunajifunzwa kwa kumfuata fundi, hivyo wanaoingia ni wengi na vishoka ni wengi, wote wanashusha bei. Ila mlango wa pili una kizingiti: leseni ya EWURA. Inatolewa kwa madaraja, na inataka cheti pamoja na uzoefu. Nyumba ikitaka kuunganishwa na TANESCO, fomu lazima isainiwe na mwenye leseni. Asiye nayo anafanya kazi yote jua kali, kisha anamtafuta mwenye leseni na kumpa sehemu ya fedha kwa saini.

Mama pale mbele ameuliza: "Sasa, mwalimu, wangu nimpeleke wapi? Ana kidato cha nne, na ada ni ya kuungaunga."

Mama, kwa hali hiyo mimi ningempeleka VETA akachukue umeme, kwa sharti kwamba muanze na hesabu ya leseni, msiishie kwenye cheti. Akimaliza, afanye kazi chini ya fundi mwenye leseni na aweke kumbukumbu ya kila nyumba, ili uzoefu wake uthibitike anapoomba.

Kama alama zake zinamruhusu kusomea samaki FETA pale Nyegezi hadi stashahada, na ada ipo, njia hiyo sitaikataa. Ila ulishaji bila cheti nitaukataa kama fani ya kudumu: anayeweza kupiga makasia anaweza kuingia, kwa hiyo mshahara wake hauna kinachoushikilia usishuke.

Kabla hujalipa ada yoyote, nenda mashamba matatu ya vizimba. Kwa kila moja uliza nafasi ya msimamizi imeshikwa na watu wangapi miaka miwili hii. Shamba linalotangaza nafasi ileile kila baada ya miezi michache halina upungufu wa wataalamu. Wanaoajiriwa hapo wanaondoka. Tafuta mmoja wao umuulize kwa nini.