Kura Mbili Kutoka Kikapu Kimoja: Jumla Iliyokadiriwa na Kosa Lake

Karibuni. Leo naanza na kaya nne tu. Ya kwanza ina mbuzi 2, ya pili 4, ya tatu 6, ya nne 12. Jumla yao ni 24, wastani 6. Tujifanye hatuijui hiyo jumla, na nguvu tuliyo nayo inatosha kutembelea kaya mbili. Tunaandika majina kwenye karatasi, tunayatia kikapuni na kuchomoa mawili bila kurudisha. Mbuzi tutakaowakuta tunawajumlisha, kisha tunazidisha kwa 4/2, yaani mara mbili.

Jozi zinazoweza kutoka ni sita, na makadirio yake ni haya: 12, 16, 20, 28, 32 na 36. Wastani wake ni 24 kamili, kwa hiyo njia yetu haina upendeleo. Lakini aliyechomoa jozi ya 12 ameondoka na nusu ya ukweli. Kupima hatari hiyo, chukueni umbali wa kila kadirio kutoka 24, mzidishe kwa wenyewe, mtafute wastani: 448 kugawa kwa 6, ni kama 74.67. Hiyo ndiyo varianzi ya jumla iliyokadiriwa.

Kwa kata nzima hakuna atakayeorodhesha sampuli zote, ndiyo maana tuna kanuni:

```
Var = N² × (1 − n/N) × S² / n
```

N ni kaya zote, n ni zilizochaguliwa, na S² ni mtawanyiko wa mbuzi baina ya kaya: umbali wa kila kaya kutoka wastani, mzidishe kwa wenyewe, mjumlishe, mgawe kwa N−1. Kwetu ni 56/3. Wekeni tarakimu: 16 × 0.5 × 18.67 / 2. Mnarudi palepale, 74.67.

Sasa hiyo (1 − n/N), yaani kisahihisho, imetoka wapi? Wengi huikariri tu kama sala. Fikirieni kura ya kwanza imetoa kaya yenye mbuzi 12. Zilizobaki kikapuni zina wastani wa 4, chini ya ule 6 wa mwanzo. Ikitoka yenye 2, zilizobaki zina wastani wa 7.33. Kura ya kwanza ikipanda, ya pili huelekea kushuka, zinafidiana. Fidia hiyo kwa kila jozi ya kura ni −S²/N, hapa −4.67. Kama tungerudisha karatasi kikapuni kila mara, fidia isingekuwapo na varianzi ingekuwa 112. Na mkichomoa karatasi zote nne, n/N ni 1, varianzi ni sifuri: mmehesabu kila mbuzi, hakuna cha kukisia.

Angalizo dogo, maana hapa nimeona madaftari mengi yakiharibika. Ukigawa mtawanyiko kwa N badala ya N−1 unapata 14, na kisahihisho chake ni (N−n)/(N−1). Ukichukua 14 ukaizidishia (1 − n/N), utapata 56, na utajiona hodari kuliko ulivyo.

Twende kwenye mfano wa kata. Kaya ni 400, tumechagua 80, tumekuta wastani wa mbuzi 5.5 kwa kaya. S² hatuijui, tunaweka ile ya sampuli, tuseme 36. Jumla ni 2,200. Varianzi ni 160,000 × 0.8 × 36 / 80 = 57,600; kipeuo chake, yaani kosa sanifu, ni mbuzi 240. Bila kisahihisho tungesema 268. Tukiruhusu makosa sanifu mawili kila upande, tuko kati ya 1,720 na 2,680.

Mtu huuliza: je, kwenye mkoa wa kaya 40,000, kaya 80 si kichekesho? Fanyeni hesabu kwa wastani na mtawanyiko uleule. Kisahihisho ni 0.998, hakigusi kitu. Kosa sanifu ni karibu asilimia 12.2 ya jumla; kwenye kata lilikuwa 10.9. Mkoa ni mkubwa mara mia, na usahihi umepungua kidogo tu. Kinachobeba mzigo ni ile n, si sehemu ya n katika N. Ndiyo maana wengi huacha kisahihisho kabisa n/N ikiwa chini ya asilimia 5.

Kwenye uwanja mambo huwa hivi: mmechagua kaya 80, mkazikuta 60. Basi n ni 60, si 80. Kisahihisho kinakuwa 0.85, na kosa sanifu linapanda hadi 286 hata kama 36 haikubadilika. Na hiyo ni nusu tu ya tatizo, maana kanuni hii inapima bahati ya kikapu peke yake. Wale 20 wasiokutwa nyumbani huenda wamehamia malishoni, na waliohamia malishoni ndio wenye mbuzi wengi. Hapo 5.5 yenyewe iko chini ya ukweli, na ile 286 haitawaambia.