Kifungu kigumu hakipimwi kwa rula

Nimelisema hili mara nyingi na nitalirudia: sentensi fupi si lazima iwe rahisi. Sikilizeni kifungu hiki.

“Timu ilikuwa mbele kwa bao moja. Kocha alimtoa mshambuliaji. Aliingia beki. Mashabiki walinung'unika.”

Maneno 13, sentensi nne, na hakuna neno la kumpeleka mtu kwenye kamusi. Kwa kipimo cha urefu na cha uadimu wa maneno, hiki ni cha wanaoanza kusoma. Sasa muulize msomaji asiyefuatilia soka: mashabiki walinung'unika kwa nini? Atakisoma bila kukwama, atakueleza hata beki ni nani, lakini hapo atanyamaza. Mfuatiliaji wa soka atajibu papo hapo: kocha ameamua kulinda bao lake, wao walitaka mengine. Jibu hilo halimo kwenye kifungu, limo kichwani mwa msomaji.

Mwaka 1988 watafiti Recht na Leslie waliwapa wanafunzi habari ya mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo waliikumbuka na kuieleza vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Matokeo haya yapo wazi miaka yote hii, na bado tunaletewa vitabu vilivyokatwakatwa sentensi tukiambiwa vimerahisishwa!

Turefushe basi: “Kwa kuwa timu ilikuwa mbele kwa bao moja, kocha alimtoa mshambuliaji akaingiza beki ili kulilinda bao hilo, na mashabiki waliotaka mabao zaidi wakanung'unika.” Sentensi moja, maneno 23. Kipimo kitasema imekuwa ngumu. Kwa mgeni wa soka imekuwa rahisi, kwa sababu “kwa kuwa” na “ili” zimebeba sababu ambazo mwanzo aliachiwa azitafute mwenyewe. Anayekata sentensi hukata viunganishi hivyo kwanza.

Mtaniuliza, urefu hauna maana kabisa? Unayo. Mtendaji akitajwa mwanzoni, kisha vikafuata vishazi vitatu kabla ya kitenzi chake, msomaji atakuwa amemsahau. Lakini hapo kosa ni umbali kati ya mtendaji na kitenzi, wala si idadi ya maneno.

Kuhusu uadimu, kwa haraka: kwa Kiswahili hesabuni mizizi. “Wakanung'unika” inaweza kuonekana adimu kwenye orodha ya maneno, ilhali “nung'unika” inajulikana. Na kanuni ya Flesch ya mwaka 1948, inayopima urahisi wa kusoma kwa kuhesabu silabi, iachwe kwa Kiingereza ilikotengenezewa. “Watoto wanacheza uwanjani” ina silabi 11 kwa maneno matatu, na kanuni hiyo huipa takribani alama hasi 106, kwenye mizani ambayo 100 ni rahisi sana na sifuri ni ngumu mno.

Kabla ya kukipangia kifungu darasa fulani, tafuteni “kwa nini” moja ambayo jibu lake halikuandikwa. Waulizeni wasomaji watano wa darasa hilo, kifungu kikiwa kimefunikwa. Wote wakishindwa, msiguse urefu wa sentensi. Ongezeni sababu iliyokosekana, kisha mwaulize wengine watano.